Belo Lizae Belo

Watu wanaonikuta pale sokoni Sumbawanga nimekaa kwenye kigoda nikikunja mashati hudhani kuuza mitumba ni kazi ya kukaa. Sibishani nao. Mgongo wangu unajua ni kazi ya kuinama, pua yangu inajua ni kazi ya kunusa makwapa ya watu wa Ulaya, na moyo wangu unajua mengine ambayo si ya kumwambia mteja.

Niliingia kwenye kazi hii kwa sababu duka la mume wangu lilifungwa. Nasema duka lake, ingawa lilikuwa la umma. Yeye alikuwa msimamizi, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa sukari, sabuni, vibiriti na vitenge. Wakati wa shida ya bidhaa, mji mzima ulimjua. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, na yeye alikaa nyuma ya kaunta na kalamu sikioni akigawa kwa haki. Daktari alipata kilo zake, na mfagiaji wa hospitali alipata kilo zake zilezile, kwa bei ileile iliyobandikwa ukutani. Hata mimi mkewe nilipanga foleni. Ndugu zangu walinicheka, wakaniuliza faida ya kuolewa na mwenye sukari ni nini. Mimi nilikasirika, lakini chini ya hasira nilijivuna. Mjini tulikuwa na watu wengi waliopita mlango wa nyuma, na mume wangu hakuwa na mlango wa nyuma.

Halafu biashara ikawa huria. Sukari ikajaa kila kibanda, na lile duka likabaki na majembe yasiyo na mipini na mafuta ya kujipaka yaliyoganda. Wakalifunga. Mume wangu akapewa kiinua mgongo, akarudi nyumbani na kalamu yake, akakaa uani akitazama kuku.

Tulikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa kurudi kwa baba yake, upande wa Matai, kulima mahindi na ulezi kwenye shamba ambalo kaka zake walikuwa wamekwisha kuligawana. Mume wangu hakuitaka njia hiyo. Alisema mtu hawezi kuondoka kijijini na kalamu akarudi kuomba tuta la kulima kwa mdogo wake. Njia ya pili ilikuwa biashara, na biashara iliyokuwa inakimbia wakati ule ilikuwa ya nguo kuukuu. Wengine waliziita kafa Ulaya, wakisema mwenyewe amekufa ndiyo maana zimeuzwa. Waliokuwa wanavuka mpaka kwenda Mbala waliziita salaula. Kwa jina lolote, Wafipa walizivaa, na kanisani Jumapili hukuweza kujua nani kavaa mpya na nani kavaa ya marehemu.

Kwa hiyo nikapanda lori kwenda Mbeya kununua belo la kwanza. Nilikwenda mimi, kwa kuwa mume wangu alisema hawezi kubembeleza bei mbele ya watu.

Asiyelijua belo nimwambie. Ni mzigo wa nguo ulioshindiliwa kwa mashine na kufungwa mikanda, umeviringishwa nailoni, na lebo inayosema ni aina gani ya nguo, basi. Linauzwa kwa uzito. Hufungui kabla ya kulipa. Unaweza kulizunguka, kulipiga teke, kulisukumasukuma, kuchungulia pale nailoni ilipochanika, lakini mwisho wa yote unauziwa mbuzi kwenye gunia na unasema asante. Ndani kuna nguo ambazo hazijawahi kuvaliwa, na kuna nguo ambazo mbwa amelalia. Zote umezilipia kwa uzito mmoja.

Mama mmoja wa Mbeya aliyeniuzia lile la kwanza alinionea huruma, akanifundisha huku akila mahindi ya kuchoma. Alisema, "Mdogo wangu, usiuze nguo. Uza belo. Nguo moja moja zitakudanganya." Sikumwelewa, akanieleza. Unapofungua, unachambua mafungu. Za juu ni zile ambazo mwalimu au nesi atazivaa kazini bila kuzitia sindano. Za kati zina kasoro ndogo, kifungo kimoja, doa kwenye pindo. Za chini zimepauka au zimelegea. Mwisho ni matambara, ya kufutia baiskeli. Za juu huwa chache, lakini hizo chache ndizo zinazorudisha fedha yote ya belo pamoja na nauli ya lori na ushuru wa soko. Za kati ndizo ugali wa nyumbani. Za chini unazimwaga kwenye turubai kwa bei ya kutupa, ili ufagie mahali pa belo lijalo. Ukiishusha ya juu, umeliibia belo zima. "Belo lizae belo," alisema. "Likizaa njaa, umekwisha."

Nikajifunza kuinua suruali juani kutazama makalio na magoti, maana hapo ndipo kitambaa huisha kabla ya jicho kuona. Nikajifunza kugeuza kola, kuvuta zipu mara mbili, kunusa. Nikajifunza pia kumtazama mteja. Mkono unaorudi kwenye nguo ileile ndio unaokuambia bei. Mdomo wake atakuambia ni mbaya, imechakaa, rangi ya wazee, lakini mkono haujui kudanganya. Mume wangu alinisikiliza nikimweleza hayo, akatikisa kichwa akasema, "Kwa hiyo shati moja lina bei mbili, kutegemea na nani analitamani." Nikamwambia ndiyo, hata tatu. Akageukia kuku wake. Nilijua amechukia.

Mabelo mawili ya kwanza yalizaa. Si sana, lakini kila moja lilinunua jingine na kutuachia unga. La tatu ndilo ninalotaka kulisema.

Lilikuwa la mchanganyiko wa nguo za baridi. Nililinunua makusudi, nikifikiria kipupwe cha Ufipa, ule upepo wa mwezi wa sita unaopenya hata ukuta wa tofali. Lakini lori lilikwama njiani kwenye matope, mvua zilikuwa zimeanza, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimechoka hata kuvua viatu siwezi. Tukalikata mikanda sebuleni. Nguo zikafumuka zikajaa chumba, na mimi nikaanza kuchambua nikiwa na moyo mzuri. Za juu zilikuwa nzuri kweli. Zilikuwepo sweta za sufu laini, jaketi fupi za kike zenye bitana nzima, na gauni kadhaa nyeupe za watoto, sijui ziliingiaje humo, ambazo mara moja niliziona zikiingia kanisani kwenye Komunyo ya Kwanza. Mzazi wa Kifipa atauza debe la mahindi, hata mawili, ili mwanawe asimame mbele ya padri na gauni kama lile. Huko lilikotoka labda mtoto alilivaa mara moja kwenye harusi ya shangazi.

Halafu nikafika katikati ya belo, nikayakuta makoti. Makoti marefu ya kiume, mazito, meusi na ya kijivu, yanafika kwenye vifundo vya miguu. Yalikuwa yamechanika bitana, vifungo vimeng'oka, moja lina tundu la nondo mgongoni la kupitisha ngumi. Nilikaa chini. Koti moja lilikuwa limekula uzito wa blauzi sita. Mjini watu walitaka jaketi fupi, na hakuna aliyetaka kutembea kama padri aliyepotea njia. Nikayatupa kwenye fungu la chini, nikayatukana kwa Kifipa, maana kwa Kiswahili nisingeshiba.

Nikapiga hesabu kichwani. Makoti yalikuwa yamekula nafasi, kwa hiyo nguo zilikuwa pungufu. Ilibidi za juu zibebe mzigo mkubwa kuliko kawaida. Kama kila ya juu ingesimama kwenye bei yake hadi mwisho wa mwezi, watumishi wapokee mishahara, belo lingezaa. Kiinua mgongo kilikuwa kimekwisha. Hakukuwa na kingine nyuma yake isipokuwa Matai.

Kesho yake ikaja habari ya msiba. Shangazi yangu, dada wa baba aliyenilea, amefariki kijijini. Nikafunga kanga, nikamwachia mume wangu meza. Nilimwonyesha mafungu. Nilimwambia, "Baba, hizi za juu usizishushe. Wakilia, waache walie. Bora zilale."

Akasema, "Nimeuza duka miaka yote, mama. Nenda ukazike."

Nilikwenda, nikazika, nikakaa matanga. Niliporudi mjini, sikupitia nyumbani. Niliteremka stendi nikaenda sokoni moja kwa moja, bado nina vumbi la kaburi kwenye pindo. Kabla sijafika kwenye meza yetu nikaona gauni jeupe la Komunyo limening'inia kwa jirani yetu, mwanamke mwenye sauti kubwa anayeuza mitumba karibu na mlango. Nikalijua. Pembeni yake sweta yangu ya sufu. Pembeni yake jaketi. Nikasimama pale kama mtu aliyekuta nguo zake za ndani kwenye kamba ya wenzake.

"Dada," nikamwambia, "nguo hizi umezipata wapi?"

Hakuona haya, na kwa nini aone. "Nimenunua kwa shemeji," alisema. "Nilipanga foleni."

Nilidhani ananitania. Nikafika kwenye meza yetu, nikamkuta mume wangu amesimama, kalamu sikioni, uso umemng'aa kama ambavyo sijauona uking'aa tangu duka lifungwe. Kwenye nguzo alikuwa amebandika kipande cha kadibodi, mwandiko mzuri wa wino, chenye bei moja. Moja tu. Alikuwa amechukua bei ya belo, akaongeza nauli na ushuru, akagawanya kwa idadi ya nguo zote, akaongeza kidogo ya faida juu, akaandika. Watu walipoanza kugombania, akawapanga mstari. Kila mtu nguo mbili, asizidi, ili na wa nyuma wapate.

Wachuuzi wenzetu wa soko zima walikuwa wamekuja. Wenye akili walileta na watoto wao, na wadogo zao, na mama zao, kila mmoja ashike nafasi kwenye foleni, kama tulivyokuwa tukifanya zamani kwa ajili ya sukari. Kila mmoja alichagua mbili. Hakuna aliyechagua koti.

"Tumeuza zaidi ya nusu ya belo," aliniambia. "Na hakuna aliyelalamika. Hata mmoja. Watu wamenishukuru, mama. Mzee mmoja amenishika mkono akasema, hii ndiyo biashara ya kistaarabu."

Nilitazama meza. Bei yake ilikuwa rahisi mno kwa za juu na ghali mno kwa za chini. Za juu zilikuwa zimekwenda zote, na za kati karibu zote. Zilizobaki zilikuwa mashati yaliyopauka, suruali zilizoisha magoti, na lile rundo la makoti, kila kimoja kikingoja mtu wa kulipa bei ileile iliyonunua gauni la Komunyo. Zingengoja hadi kiama.

Mimi ni mtu wa hasira ya haraka, sitaki kujisafisha. Nilichana ile kadibodi. Nilimwambia maneno mbele ya soko, nikamwambia kalamu yake haijawahi kununua hata chumvi, nikamwambia asubiri kaka zake wamwonyeshe tuta lake. Wenzetu wakajifanya wanakunja nguo. Yeye aliinama. Aliokota vipande vya kadibodi, akaviweka mfukoni, akaanza kufungasha.

Nyumbani tulihesabu. Fedha aliyopata haikufikia bei ya belo, na zilizobaki hazikuwa za kubeba chochote. Maji yakimwagika hayazoleki. Aliketi kitandani akasema polepole, "Nilidhani ukiwatendea watu haki, watakurudia." Nikamwambia watarudi, ndiyo, watarudi kuuliza lini utafungua jingine. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata hasira ilikuwa inanitoka kwa mazoea tu, kama jasho.

Sokoni hapakuwa na mtu wa kununua yale mabaki. Kila mtu alikuwa amekwisha kuyaona kwenye turubai letu na kuyaruka. Ikabaki kushuka bondeni, Kaoze, kwenye mnada. Huko wateja walikuwa wakulima wa mpunga na wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, watu ambao hawakuziona nguo zetu. Tulipata lori lililokuwa linafuata mpunga. Mimi nilikaa juu ya robota letu lililolegea, mume wangu akashikilia ubao, na kutoka juu kwenye baridi tukashuka makorongo hadi kwenye joto ambalo lilinifanya nicheke bila furaha. Nilikuwa napeleka makoti ya theluji mahali ambapo watu wanalala nje kutafuta upepo.

Tukamwaga vitu kwenye turubai. Mashati ya kupauka yakaanza kwenda kwa bei ya kutupa, na mimi nikawa napokea sarafu bila hata kuangalia. Makoti niliyarundika nyuma, tuyafanye kiti.

Akaja mfugaji mmoja, mtu mrefu, fimbo mabegani, mikono ameining'iniza juu ya fimbo. Akatazama mashati, akayaacha. Akatazama nyuma yetu.

"Mama, hilo koti mnalikalia au mnauza?"

Nikataka kucheka. Akalivuta, akalivaa pale pale kwenye jua lile, jasho linamtiririka. Lilimfika kwenye vifundo. Akalifunga kwa mkono mbele, akachuchumaa nalo, likamfunika mzima hadi chini kama kibanda. Akasimama. Akalivua, akaligeuza, akatia ngumi kwenye tundu la nondo, akasema halifai. Akalirudisha. Halafu mkono wake ukalirudia tena.

Mvua kubwa zenyewe zilikuwa bado zinakuja. Mchunga ng'ombe analala nje na mifugo, kwenye tope, na mbu na mvua. Mimi hilo sikuliona. Nilikuwa na belo kichwani na Matai moyoni, nikafungua mdomo nitaje bei ya shati bovu, aliondoe tu.

Mume wangu alinigusa kiwiko. Alikuwa anautazama ule mkono.

Akataja bei. Ilikuwa bei ya sweta yangu ya sufu, na juu yake. Nilisikia aibu ikinipanda shingoni, nikajua yule mtu ataondoka. Hakuondoka. Aliomba apunguziwe kidogo, mume wangu hakushuka. Alikwenda hadi mwisho wa turubai, akarudi. Akalipa. Halafu akawaita wenzake waliokuwa kwenye zizi la mnada.

La pili mume wangu aliliuza kwa bei ya juu zaidi ya la kwanza, na lilikuwa bovu zaidi. La tatu vivyo hivyo, kwa kuwa sasa waliona yanapungua. Alikuwa anaacha moja tu mbele na mengine ameyafunika kwa turubai. Hakuna aliyemfundisha hilo, hata mimi sikuwa nalijua. Walipobaki wawili wakitaka moja, aliwatazama kwa zamu, akawaacha wapandishane wenyewe. Kalamu ilikuwa imemdondoka sikioni, ipo kwenye vumbi, na hakuiona.

Jioni akaja bibi mmoja, mwembamba, anauliza sweta ya mtu mzima. Ilikuwa imebaki moja, imetoka uzi kwenye mkono. Mume wangu alimwinamia akamwambia, "Shikamoo, mama," kwa heshima yake yote ya siku zote. Bibi akaitikia marahaba, akaishika sweta, akaiweka, akaishika. Mume wangu akatazama mkono, akatazama kanga, akatazama kule kwenye ncha ya kanga palipofungwa fundo la fedha. Ndipo akataja. Bibi alifungua fundo lote. Hakikubaki kitu ndani.

Tukiwa juu ya lori la kurudi, tumelalia magunia ya mpunga, alipiga hesabu kwa vidole. Makoti yale niliyoyatukana yalikuwa yamebeba belo. Si kwa utajiri, lakini lilikuwa limezaa. Tungekwenda Mbeya. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, sitadanganya, nilimshika mkono. Nikamwambia umeniponya. Akasema, "Nimeelewa sasa. Kila nguo ina mtu wake, na mtu huyo hajui kwamba unamjua." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepona homa. Nikajilaza nikatazama milima ya Lyamba lya Mfipa inavyotusogelea, na sijui kwa nini nililia kidogo. Nikajiambia ni msiba wa shangazi.

Tangu hapo yeye ndiye aliyekwenda Mbeya. Akawa mnunuzi hodari. Alijifunza kuzijua lebo, alijifunza kulipiga belo teke na kusikia mlio wake. Aliagiza makoti ya bondeni, fulana nyepesi kwa wavuvi wa Kipili, kule ziwani, gauni nyeupe kabla ya Pasaka. Mafungu aliyachambua yeye, na macho yake yalikuwa makali kuliko yangu. Mabelo yalizaa mabelo. Tulihamia kwenye kibanda cha bati, watoto wakasoma. Watu wa zamani, wale wa foleni ya sukari, walipokuja aliwasalimia kwa majina ya watoto wao, akawauliza habari za nyumbani, halafu akawauzia kwa bei ya juu kuliko wageni, kwa kuwa wao wangeona haya kuomba kupunguziwa. Hakuna aliyelalamika. Wengine walimshukuru.

Ulikuja mwezi wa sita mmoja wa baridi mbaya. Ukungu ulikaa juu ya mji hadi karibu adhuhuri, na mimi nilikuwa na kikohozi kisichonitoka. Tulikuwa tumefungua belo asubuhi ile. Nikavuta sweta moja kutoka fungu la juu, ya rangi ya kahawia, nene, ina mifuko miwili, nikaipitisha mikono. Ilinikaa. Sikumbuki mara ya mwisho nguo ilinikaa hivyo. Nikainua kola ikanifunika shingo, kikohozi kikatulia.

Mume wangu aliinua kichwa kutoka kwenye mafungu. Hakukasirika. Aliitazama mikono yangu, jinsi ilivyokuwa imeingia mifukoni na haitaki kutoka. Ni mume wangu, nimezaa naye, lakini nililiona lile jicho na nilijua liko kazini.

"Hiyo iache, mama," alisema taratibu. "Belo hili limekuja bovu. Ukiivaa wewe hiyo, nani atazilipia zile za chini?"

Alikuwa na haki. Mahesabu yake yalikuwa sawa, ningeyapiga mwenyewe ningefika palepale. Nikaivua. Nikaikunja vizuri, nikaipanga mahali pake na kifungo cha juu kikitazama mteja, kisha nikaenda kwenye fungu la chini kujitafutia nyingine.